Onyo za birika la umeme kutoka Kifaransa: angalia sana pale kwenye "usi"

"Habari yako mwalimu. Mimi hutafsiri hapa Nairobi, na kuna mtu anayeuza mabirika ya umeme kutoka Ufaransa amenipa ile karatasi ya usalama niiweke kwa Kiswahili. Nilimaliza wiki jana, lakini alipompa dada yake aisome akaelewa vitu tofauti kabisa na venye nilimaanisha. Nimekutumia karatasi zote mbili. Nimekosea wapi, na nitaandikaje ili kila mtu aelewe kitu kimoja tu?"

Asante kwa kutuma zote mbili dada yangu. Nimeanza na ya Kiswahili peke yake bila kuangalia Kifaransa, kama mtu aliyenunua birika na kulifungua pale jikoni, halafu ndio nikaweka Kifaransa kando yake nikalinganisha mstari kwa mstari. Kiswahili chako ni kisafi, tahajia iko sawa, na nikuambie ukweli hapo ndipo shida ilipojificha, juu mtu akisoma sentensi iliyonyooka hashtuki, anaiamini anafanya vile inasema, na kwako kuna sentensi tatu zinasema kinyume cha Kifaransa na zingine kadhaa zinaweza kusomwa kwa njia mbili. Nitaenda polepole kwa hizo tu, zile zingine ziko sawa.

Ile iliyonitisha zaidi ni mstari wa sita. Kifaransa kinasema « N'utilisez la bouilloire qu'avec le socle fourni », na wewe umeandika "Usitumie birika na kitako kilichokuja nalo". Soma tena polepole. Umemkataza mtu kutumia kitako kile kile ambacho ndicho pekee anaruhusiwa kutumia! Najua ilivyotokea, imenitokea mimi pia miaka yangu ya kwanza: jicho linaona « N' » mwanzoni, mkono unaandika "Usi", na ile « qu' » iko mbali huko mbele maneno matatu manne baadaye, hakuna « pas » ya kukustua. Lakini « ne » ikifungwa na « que » si katazo la jambo lenyewe, ni kubana tu, maana yake ni "hiki peke yake, kingine hapana".

Na usidhani msomaji atajua mwenyewe kwamba hapo kuna kosa. Fikiria nyumba yenye birika la zamani lililopasuka na kitako chake bado kizima, mtu anasoma usitumie kitako kilichokuja na birika, anasema sawa, anachukua kile cha zamani. Vitako vingi vinafanana kwa macho, kile kidude cha katikati kinachopeleka umeme kinaweza hata kuingia, lakini kisishike vizuri. Birika la wati 2,200 kwenye volti 230 linavuta karibu ampea 10, na umeme wa kiasi hicho ukipita mahali pameshikana nusu nusu pale panapata moto, plastiki inaanza kulainika na kunuka, na mtu anadhani ni harufu ya birika jipya.

Kwa hivyo kila « ne...que » igeuze iwe amri ya kukubali kwanza, kisha katazo lije kando yake kwa sentensi yake:

"Tumia kitako kilichokuja na birika hili pekee. Usitumie kitako kingine."

Ni sentensi mbili kwa moja na mteja anaweza kusema mbona umerefusha, mwambie ndio, nimerefusha kwa makusudi. Na uwe mwangalifu na hiyo "tu" na "pekee" mahali unaiweka, juu ukisema "tumia birika na kitako chake peke yake" kuna mtu atasikia kwamba birika likae peke yake, labda lisiwe karibu na vyombo vingine. Weka "pekee" imegusana na maelezo ya kile kitu unachobana, na hiyo sentensi ya pili ya "usitumie kingine" inafunga mlango kabisa.

Njia ninayotumia mimi kukamata hizi ni ya kizamani lakini haijawahi kuniangusha. Kabla sijatafsiri hata neno moja napitia Kifaransa na kalamu nyekundu, kila nikiona « ne » ama « n' » naizungushia duara, halafu natafuta neno linaloifunga na kuchora mstari hadi kwake: « pas », « jamais », « plus », « que », « aucun », « ni ». Sianzi kazi mpaka kila duara liwe na mstari wake. Karatasi ya birika haina zaidi ya duara ishirini hivi, ni dakika kumi za kazi, na kwako ingekamata mstari wa sita saa hiyo hiyo.

Sasa mstari wa pili, wa watoto. « Les enfants ne doivent pas jouer avec l'appareil ». Umeandika "Si lazima watoto wacheze na kifaa". Hapa tatizo liko kwa « devoir » ikikataliwa. Mfaransa akisema « ne doivent pas » anakataza, marufuku. Lakini kwetu "lazima" ukiikataa kwa "si" inageuka kuwa ruhusa: si lazima uje, maana yake ukitaka njoo, usipotaka kaa. Kwa hivyo umewaambia wazazi kwamba watoto wakitaka wacheze, wasipotaka waache. Na « il ne faut pas » ina tabia hiyo hiyo, ukiiona popote kwenye onyo usiifikirie kama "haihitajiki", ni katazo.

Wengi wakigundua hilo wanakimbilia "hawapaswi", na sio makosa, magazeti yanaitumia kila siku, ila kwa masikio ya watu wengi huku inasikika kama ushauri wa mwalimu wa dini: hupaswi kuchelewa, hupaswi kusengenya. Mimi kwa onyo siigusi. Pia angalia kwamba sentensi ya Kifaransa inawataja watoto, lakini mtoto wa miaka mitatu hasomi karatasi, anayesoma ni mtu mzima, basi mwambie yeye afanye nini:

"Usiwaache watoto wachezee birika hili."

Nimeandika "wachezee" badala ya "wacheze na", juu ile "na" yetu ina kazi nyingi mno. Nitarudi kwake.

Mstari wa tisa ndio wa pili kwa hatari. « N'ouvrez pas le couvercle tant que l'eau bout ». Umeandika "Usifungue kifuniko mpaka maji yachemke". Nimemwonyesha mke wangu bila kumwambia chochote, nikamuuliza utafanya nini, akasema "nitangoja yachemke halafu nifungue". Yaani ile saa ambayo mvuke unatoka kwa nguvu na maji yanaruka, ndio saa umemwambia afungue, na mkono wake na uso wake viko juu pale! « Tant que » maana yake ni muda wote ambao jambo linaendelea. Inakuwa karibu na "mpaka" pale tu kitenzi kinachofuata kikiwa kimekanushwa, « tant que l'eau n'a pas refroidi », mpaka maji yapoe. Hapa kitenzi hakijakanushwa, « l'eau bout », maji yanachemka, basi:

"Usifungue kifuniko wakati maji yanachemka. Mvuke utakuunguza."

Hiyo ya mvuke iko kwenye Kifaransa sentensi inayofuata, « risque de brûlure », wewe uliiweka "hatari ya kuungua" na ni sawa, ila kuna kuungua kwa nyumba na kuungua kwa ngozi, na "hatari ya kuungua" haisemi nani anaungua, birika, chakula ama mtu. Kitenzi kikiwa na "ku-" ya mtu ndani yake, u-ta-ku-unguza, hakuna njia ya pili ya kuisoma. Na "mpaka" usiifute kabisa kwenye kazi yako, itumie kwa mambo ya kungoja tu, "ngoja mpaka lipoe", lakini "usi" na "mpaka" zikikaa sentensi moja simama uisome kama mtu mwenye haraka.

Kuna ile nyingine ya kujaza maji ambayo ni ndugu yake. « Ne dépassez pas le niveau MAX », ukaandika "Usijaze mpaka MAX". Dada ya mteja wako akisoma hapo atajaza chini ya ile alama, hakuna mtu ataumia, lakini Kifaransa kinamruhusu kufika kwenye alama, kinachokatazwa ni kuipita. "Maji yasipite alama ya MAX" inatosha, na yale maneno MAX na MIN usiyatafsiri hata kidogo juu ndiyo yameandikwa kwenye plastiki ya birika, mtu ataangalia herufi zile zile.

Sasa tuje kwa aya ya kusafisha, na hapa nataka tukae kidogo, juu ndani ya sentensi mbili za Kifaransa kuna mambo matatu yaliyofungana. Kifaransa: « Avant tout nettoyage, débranchez l'appareil et laissez-le refroidir. Ne plongez jamais la bouilloire, son socle ou le cordon dans l'eau ». Yako: "Kabla ya usafi wowote, zima kifaa na kukiacha kipoe. Kamwe usikizamishe kifaa, kitako na waya ndani ya maji."

La kwanza ni hiyo "na". Kifaransa kinasema « ou » chini ya katazo, maana yake hiki hapana, kile hapana, na kile kingine hapana. Ukisema "usizamishe kifaa, kitako na waya", mtu anaweza kusikia usivizamishe vyote kwa pamoja, kwa hivyo kimoja kimoja labda ni sawa. Ukiweka "ama" ama "au" inakuwa nafuu kidogo lakini bado kuna anayeisikia kama kuchaguliwa. Sisi tunalo neno la kazi hii tangu zamani, ni "wala", na sielewi kwa nini watafsiri wengi wa siku hizi wanaliogopa kana kwamba ni la mashairi tu. Mtu wa Majengo na mtu wa Rongai wote wanalijua, sina pesa wala simu.

La pili ni "ki". Kifaransa kina njia yake ya kuonyesha kinachosemwa, « la bouilloire » ni ya kike, « le socle » na « le cordon » ni ya kiume, haisaidii sana. Kiswahili kina ngeli na zingeweza kutusaidia kuliko Kifaransa kinavyojisaidia, lakini angalia umechagua nini: kifaa, kifuniko, kitako, kitufe, kipini. Vyote ni ki! Sasa ukiandika "usikizamishe", "kikaushe", "kiache kipoe", msomaji anachagua chochote alichokishika mkononi. Hili sikulijua kwa kusoma, nililiona. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa najaribu karatasi yangu mwenyewe ya chombo kama hiki hiki, nikaenda nayo Umoja kwa mama mmoja anayefua nguo pale kwa jirani yangu, nikampa birika likiwa baridi na halijachomekwa, na beseni la maji, nikamwambia mama soma halafu nionyeshe vile utaliosha. Alisoma kwa sauti, vizuri kabisa. Mstari uliotangulia ulikuwa unazungumza juu ya kifuniko, halafu unakuja "usikizamishe ndani ya maji". Akatoa kifuniko akakiweka mezani kavu kwa heshima zote, akachukua kitako na waya wake akavitia ndani ya beseni. Nilipomuuliza akaniambia, "Si umesema nisikizamishe kifuniko?" Na alikuwa sawa, sentensi yangu ilisema hivyo.

Tangu siku hiyo neno "kifaa" situmii kwenye onyo, naita kitu kwa jina lake. Hili ni birika, na birika linachukua "li" na "hili", kwa hivyo linajitenga lenyewe na kitako na kifuniko. « Appareil » ya Kifaransa ipo juu kiwanda kinatumia karatasi moja kwa pasi, blenda na birika, wewe unatafsiri ya birika tu, hakuna sababu ya kubeba hiyo. Na pale vitu viwili vya ki vinakutana kwenye aya moja, rudia jina. Shuleni walitufundisha kurudia jina ni udhaifu wa uandishi, lakini kwenye onyo kurudia ndio kazi.

"Zamisha" nayo nimeibadilisha. Mtu huku anaposikia kuzamisha anafikiria kitu kimezama chote, chubwi, mpaka hakionekani. Kukitia nusu kwa beseni akisugua kwa sifongo, kwake huko si kuzamisha. "Usitie ndani ya maji" inashika yote mawili. Kuna jambo lingine, kukiweka chini ya mfereji, na hilo « plonger » hailisemi waziwazi. Karatasi nyingine za Kifaransa zina sentensi yake, « ne pas passer sous l'eau », yako haina. Hapo usiongeze kimyakimya. Andikia mteja: napendekeza tuongeze katazo la mfereji, uliza kiwanda kama wanakubali. Mtafsiri akianza kutunga onyo zake mwenyewe, siku kitu kikiharibika hakuna anayejua karatasi ilisema nini.

La tatu ni « débranchez », ambayo wewe umeiita "zima". Hapa tofauti iko ukutani, haiko kwa kamusi. Soketi za nyumbani Ufaransa kwa kawaida hazina swichi, ukitaka kukata umeme unavuta plagi, basi. Zetu nyingi zina swichi pale pale, na mkono wetu umezoea kubonyeza swichi na kuacha plagi imeingia. Kwa hivyo "zima", "ondoa kwenye umeme", "kata stima", zote mtu wa Nairobi atazitimiza kwa kidole kimoja kwenye swichi, na atakuwa na amani ya moyo. Mwingine atabonyeza kitufe cha birika lenyewe, nacho kinazima birika tu, kitako bado kina umeme. « Débrancher » inataka plagi itoke. Sema "chomoa plagi ukutani", na ukipenda anza na swichi juu ndio desturi yetu nzuri, lakini isiishie hapo. Usisahau « cordon » inavutwa pia, watu wengi huchomoa kwa kuvuta waya, na kama karatasi ya Kifaransa inalitaja hilo mahali basi lilete hapa.

Basi aya nzima, mimi ningeiandika hivi:

"Kabla ya kusafisha birika:
Zima swichi ya ukutani, kisha chomoa plagi.
Acha birika lipoe kabisa.
Usitie birika ndani ya maji, wala kitako chake, wala waya wake."

Angalia nimefuata mpangilio wa mikono. "Kabla ya" nimeitoa ikawa kichwa, halafu hatua zinakuja vile zinafanywa. Na "kamwe" nimeiacha nje. « Jamais » ina uzito kwa Kifaransa, ila kwetu "kamwe" ikija mwanzoni kabla ya "usi" inafanya sentensi iwe ya hotuba, na mwenye kusoma kwa shida anajikwaa pale, "usi" peke yake inatosha kukataza.

Nikiwa hapo kwenye soketi, mstari wa nne. « Branchez l'appareil uniquement sur une prise reliée à la terre ». Umeandika "Chomeka kifaa kwenye soketi iliyounganishwa na ardhi pekee". Kamusi itakutetea, « terre » ni ardhi. Lakini mtu atasoma soketi ya ardhi akafikiria soketi iliyo chini karibu na sakafu, tofauti na ile ya juu ya meza ya jikoni, na nimeona karatasi nyingine imeandika hata "udongo". Mafundi wetu wa stima wanaita athi, ule waya wa kijani na njano. Mwenye nyumba ya kawaida anaweza asijue athi ni nini, lakini anajua plagi ya pini tatu, na hapo ndipo pa kumshikia.

Na hili linahusu bidhaa yenyewe, muulize mteja leo: hayo mabirika yamekuja na plagi gani? Plagi ya Kifaransa ina pini mbili za mviringo, na athi yake inaingia kupitia tundu lililo kwenye plagi, juu soketi yao ndiyo yenye pini inayochomoza. Soketi yetu haina hiyo pini. Nawe unajua vile watu hufanya hapa na plagi ya pini mbili, wanasukuma kalamu ama kijiti kwenye tundu la juu mpaka vile vifuniko vya ndani vifunguke, halafu wanalazimisha pini mbili ziingie. Birika litawaka, maji yatachemka, na athi haijaungana na chochote. Waya ukija kugusa bati la birika kwa ndani, mwili wa mtu ndio utakuwa athi. Hakuna tafsiri ya mstari wa nne itakayomsaidia mtu mwenye plagi hiyo mkononi, kwa hivyo ikiwa hayajabadilishwa plagi na fundi, ama hayana adapta yenye athi kamili, mwambie mteja kwa maandishi kwamba hilo ni kubwa kuliko karatasi. Ikiwa yana pini tatu tayari, andika:

"Chomeka birika kwenye soketi ya pini tatu yenye waya wa athi pekee. Usitumie soketi isiyo na athi."

Sasa ile "na" niliyosema nitarudi kwake. Mstari wa kumi na mbili: « Si le câble d'alimentation est endommagé, il doit être remplacé par le fabricant, son service après-vente ou des personnes de qualification similaire ». Hii sentensi utaikuta karibu neno kwa neno kwenye karatasi nyingi sana za vyombo vya umeme, juu imetoka kwenye viwango vya kimataifa vya usalama wa vyombo vya nyumbani. Umeandika "Waya ikiharibika lazima ibadilishwe na mtengenezaji, huduma yake baada ya mauzo na watu wenye sifa sawa". "Ibadilishwe na" tunaelewa, ni ya mtendaji, lakini halafu "na watu" inakuja kama nyongeza, sasa wanatakiwa wote watatu ama mmoja atosha? Kifaransa kinasema « ou », yeyote kati yao. Na "huduma baada ya mauzo", nani hapa mtaani anaijua? Tena « qualification similaire » umeifanya "sifa sawa", na sifa kwa wengi huku inasikika kama kusifiwa. Ivunje, mwambie msomaji la kufanya kwa kitenzi cha kutenda, sio cha kutendwa:

"Waya ukiharibika, usiutengeneze mwenyewe. Peleka birika kwa aliyelitengeneza, ama kituo chake cha huduma, ama fundi wa umeme aliyesomea kazi hiyo."

Sijaandika "fundi" peke yake, juu fundi kwetu ni mtu yeyote mwenye koleo na tepu nyeusi.

Kuhusu vichwa, hilo ni fupi. Kwako « DANGER », « AVERTISSEMENT » na « ATTENTION » vyote vimekuwa "ONYO". Ni ngazi tatu tofauti: la kwanza ni kifo ama jeraha kubwa litatokea usipolikwepa, la pili linaweza kutokea, la tatu ni jeraha dogo ama la wastani. Weka HATARI, ONYO, TAHADHARI kwa mpangilio huo, na usibadilishe katikati ya karatasi hata kama unaona neno moja linarudiwa rudiwa.

Ukimaliza kurekebisha usimpe mtafsiri mwenzako aisome, yeye atakuelewa tu juu anajua Kifaransa kilichoko nyuma. Tafuta watu watatu hivi ambao hawajaona hiyo karatasi, mmoja awe mtu anayesoma polepole, uwe na birika baridi lisilo na umeme, na usiwaulize "umeelewa?", kila mtu atakuambia ndio kwa adabu. Waambie nionyeshe: osha hili, jaza maji, sasa yanachemka unataka kuongeza maji unafanyaje. Angalia mikono, usiseme kitu, usisaidie hata uso. Mkono ukisita mahali, hapo kuna maana mbili, hata kama mwishowe amefanya sawa. Mkono ukienda njia mbaya bila kusita, hiyo sentensi iandike upya yote, usibadilishe neno moja tu. Anza na dada ya mteja, yule ambaye alielewa tofauti, mpe sentensi mpya ya kitako, ya kifuniko na ya kusafisha, halafu unitumie hapa vile mikono yake ilifanya kwa kila moja.